Binamu wa Maskati Akisalimu: Mwongozo kwa Mtu wa Tanga

Ujumbe wenyewe huja hivi, aghalabu asubuhi, kutoka kwenye namba inayoanza na +968:

```
9ba7 al5air, kef 7alkom? 3asakom b5air
```

Mtu wa Tanga akiupokea, kwanza hutazama salio. Asilaumiwe. Nchi hii imeshatuzoesha kwamba herufi zikichanganyika na tarakimu ni namba ya muamala, na kama si muamala basi ni yule bwana asiyechoka kutuma "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwa hiyo agizo la kwanza la mwongozo huu ni dogo: usiufute, usiufikishe polisi, wala usijibu kwamba huna hela. Umesalimiwa. Huyo ni mtoto wa mtoto wa ami yake babu yako, amezaliwa Maskati, namba yako kapewa arusini, na anataka kujua hali yako kabla hajasema jambo lililomfanya akutafute.

Jambo lenyewe huenda ni minazi. Karibu kila jamaa wa ng'ambo ana minazi Pangani, au anadhani anayo. Kabla ya Wajerumani, miji hii ilikuwa na maliwali wa Sultani wa Unguja, na bonde la mto Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa ya Waarabu. Yakaja mapinduzi ya Januari 1964, watu wengi wenye asili ya Omani wakaondoka Unguja. Mwaka 1970 Sultani Qaboos akashika utawala Oman, akawaita Waomani waliotawanyika warudi. Wapo waliokwenda, wapo waliobaki, na koo zikapasuka vipande viwili: kimoja kinakunywa kahawa Ngamiani, kingine kinakunywa kahawa Ruwi. Wazee waliendelea kuandikiana na kupigiana simu kwa Kiswahili, shida haikuwapo. Shida imeletwa na wajukuu, ambao shule yao ilikuwa ya Kiarabu na Kiingereza, na ambao Kiswahili wamekisikia jikoni kwa bibi lakini hawajawahi kukiandika hata kwenye karatasi ya chapati.

Sasa tuusome ujumbe. Zile tarakimu si hesabu. Vijana wa nchi za Kiarabu walianza kuandikiana katika simu na kompyuta zisizokuwa na herufi zao, wakatumia za Kizungu, na pale sauti ilipokosa herufi wakaazima tarakimu. Saba ni ile *ha* ya kooni, ya Muhammad, ambayo ustadhi wako wa chuoni alikupigia kiboko mpaka ikatoka. Tatu ni *ain*. Itazame kwenye kioo utaiona. Tano ni *kha*, na *khamsa* yenyewe huanza kwa kha. Tisa, kwa watu wa Ghuba, ni *swadi*. Ukishajua haya manne, ujumbe unafunguka wenyewe: *sabahul kheri, hali zenu je, natumai mu wazima*. Tena maneno mawili ya mwanzo unayo tangu utotoni, kwani bibi yako alikuwa akipita uani akisema "sabalkheri" bila kujua kwamba anaongea lugha ya kigeni.

Hapa ndipo hatari inapoanza. Mtu asiyejua Kiarabu kabisa yuko salama. Atajibu Kiswahili, atasamehewa, maisha yataendelea. Mwenye kuhofiwa ni yule anayekijua kidogo, na Tanga imejaa watu wa namna hiyo. Tumehitimu chuo. Tumesoma juzuu, tunaitikia Barzanji neno kwa neno, wengine tuna sauti ambazo zikipanda kwenye kipaza sauti cha msikiti Mmisri angesimama kusikiliza. Kiarabu tunakisoma kwa ufasaha mkubwa. Tusichokifanya ni kukielewa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyetudai tukielewe, mpaka binamu alipouliza hali.

Chukua mfano wa bwana mmoja wa barabara za juu kule Ngamiani, ambaye jina lake halitatajwa kwa kuwa bado anadaiwa majibu. Aliandikiwa na shangazi yake wa Maskati, mama mtu mzima, salamu kama ile pale juu. Bwana akaona jibu fupi ni dharau. Akakusanya Kiarabu chote alichokuwa nacho. Akaanza kwa "Assalaam alaykum", ambayo ni kuanzisha salamu badala ya kuiitikia, hivyo shangazi, kwa adabu, akalazimika kujibu kwanza. Akanakili "kef 7alak" kutoka kwenye ujumbe wa zamani wa mtoto wa kiume wa shangazi huyohuyo, na kwa herufi moja akamgeuza shangazi mwanamume. Alipoulizwa ana watoto wangapi akajibu "Inshallah". Alipoulizwa kama mama yake bado yuko Pangani akajibu "Aamin". Mwisho, akitaka kumshukuru kwa kumkumbuka, akamwombea kwa dua aliyoisikia mara nyingi kwenye hitima: "Allah yarhamak". Dua nzuri sana, nasi sote tunaihitaji, lakini kwa desturi huombewa aliyekwisha kuzikwa. Shangazi, yu hai, ana afya, amekaa sebuleni kwake na kiyoyozi kinavuma, akasoma kwamba amekuwa marehemu, tena marehemu wa kiume.

Usicheke sana. Kila kosa katika hayo lina dawa, na dawa zenyewe ni nyepesi.

Ya kwanza ni kuitikia kwa kipimo. Sote tumefundishwa kwamba salamu hurudishwa kama ilivyokuja au kwa ziada, na ziada hiyo ina ngazi na ina dari. Akisema *salaam alaykum*, mwitikie na rehema. Akisema na rehema, ongeza baraka: *wa alaykum salaam wa rahmatullahi wa barakatuh*. Hapo umefika juu, usitafute kuezua paa. Akianza na *sabahul kheri*, Mwarabu kwa kawaida hungoja arudishiwe nuru, *sabah alnoor*. Ukimrudishia kheri yake hutakuwa umekosea, ila atajua kwamba sabalkheri yako imekaa pwani muda mrefu. Na ukichelewa kuusoma ujumbe, kumbuka Maskati wako mbele yetu kwa saa moja. Saa sita kasoro robo ya mchana hapa, wao ni saa saba kasoro robo, wameshaswali Adhuhuri, na nuru yako ya asubuhi itawakuta wanaandaa wali. Ukiona jua limepanda, acha nuru na kheri, jibu kwa salaam ambayo haina saa.

Ya pili ni kutumia *-kum*. Kiarabu kinataka kujua unasema na mwanamume au mwanamke, jambo ambalo Kiswahili chetu, kwa busara zake, hakijawahi kulishughulikia. *Halak* ni ya mwanamume, *halik* ni ya mwanamke, na mtu wa Tanga akiandika kwa haraka hutupa yoyote iliyo karibu. Lakini ipo *halkum*, ya wengi, ambayo huingia kwa mzee, kwa mama, kwa kundi la ukoo lenye watu sitini, na hata kwa mtu mmoja unayemheshimu. Vivyo hivyo ukishukuru, sema *jazakumullahu kheri* badala ya kubahatisha kati ya *jazaka* na *jazaki*. Ukiwa na shaka waite wengi. Hakuna aliyewahi kununa kwa kuzidishiwa idadi.

Ya tatu ndiyo watu huiona ya ajabu: usiandike tarakimu. Umezisoma, umezielewa, vidole vinawasha kuonyesha kwamba nawe unaijua saba. Jizuie. Saba ni kama kanzu ya Kiomani yenye kishada shingoni. Ukiivaa, watu watakusemesha kwa kasi ya wenye kanzu. Binamu akiona "b5air" yako imekaa sawasawa atajua amempata mwenzake, na jibu lake litakuwa sauti ya dakika nne katika Kiarabu cha mtaani kwao, kisichofanana na Barzanji wala na Juzuu Amma, na ndani ya dakika hizo nne kutakuwa na jina la babu yako, neno linalofanana na "mahakama", na kicheko. Utabaki hujui kama umerithi au umeshtakiwa. Andika "bikhair" kwa herufi tupu, kama ambavyo babu yako angeandika Kizungu. Ugeni wako uonekane mapema, kabla haujakugharimu.

Hilo la kuonekana mapema ndilo kiini cha kazi yote, nalo tumelirithi kutoka kwa watu ambao hawakuwa na simu. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, C. G. Büttner, alichapa mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, zikiwamo barua za watu wa pwani. Barua za zama hizo zina tabia moja ya kupendeza. Huanza kwa Kiarabu kizito: kwa janabu sheikh fulani bin fulani, mpendwa, mtukufu, Mungu amsalimishe, salamu na rehema na baraka. Mistari inamiminika. Kisha linakuja *wa baadu*, na papo hapo mwandishi anahamia Kiswahili: nakuarifu, mtumwa wako kafika, pembe sijaziona, nakutaka uniletee fedha zangu. Habari ikiisha anarudi Kiarabu kufunga: *wa salaam*, tarehe ya mwezi mwandamo, kaandika fulani kwa mkono wake.

Tazama jinsi mwandishi huyo alivyojisitiri. Hakuomba radhi kwamba Kiarabu chake kimeishia hapo. Hakuuliza kama mwenzake anajua Kiswahili. Alitoa heshima yote kwa lugha ya heshima, kwa maneno ambayo kila mwandishi aliyajua kwa moyo, kisha akavuka kwa neno moja, na biashara ikafanywa kwa lugha ambayo ndani yake hakuna wa kumpunja. Barua zetu za shule zilibeba mifupa hiyohiyo, "Ama baada ya salamu, hali yangu ni njema, sijui wewe", ingawa kufikia wakati huo hati ilikuwa imebadilika. Wajerumani walifungua shule yao hapa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, kalamu ikaanza kutembea kutoka kushoto kwenda kulia, na ndiyo maana leo tunasoma Kiarabu chuoni na kuandika kila kitu kingine kwa herufi za Kizungu. Daraja limebaki palepale.

Basi mjibu binamu kama barua. Mfano wa kunakiliwa:

```
Sabah alnoor. Alhamdulillah bikhair, wa kef halkum? Arabi dhaif, mumkin bis-sawahili?
Baada ya salamu, ndugu yangu, sisi sote wazima, mama yuko Pangani anakusalimu. Mimi Kiswahili naandika, Kiarabu nasoma taratibu. Wewe andika au sema kwa lugha iliyo nyepesi kwako, nitafahamu.
```

Tuipitie, maana kila kipande kina kazi.

Mstari wa kwanza umerudisha kila alichokitoa: nuru kwa kheri yake, hali kwa hali yake. Kisha "Arabi dhaif". Mwanachuo atakayeusoma atasema nahau yake ni mbovu, na ni mbovu kweli. Isahihishe uone: ukimwandikia kwa sarufi safi kwamba Kiarabu chako ni dhaifu, hatakuamini, atakuona mnyenyekevu, atakuletea sauti ya dakika nne. Sentensi iliyovunjika inatoa ushahidi wenyewe bila kiapo. "Mumkin bis-sawahili" maana yake *yawezekana kwa Kiswahili?*, nayo umeiweka kwenye lugha yake ili ombi limfikie hata kama Kiswahili chake ni cha "njoo ule" na "zima taa".

Mstari wa pili unaanza na *baada ya salamu*, daraja letu. Angalia kwamba Kiswahili hakikungoja ruhusa. Kimeshaanza, kimeshatoa habari ya mama, na binamu sasa anacho kipande cha kujaribia: akikisoma akaelewa, amekubali bila kusema amekubali, asipoelewa, atakwenda nacho kwa mama yake, naye mama atafurahi siku nzima.

Kisha maneno ya mwisho, ambayo watu huyaruka nayo ndiyo yenye faida. Humwambii ahame. Unamwambia kila mtu akae kwake. Kusoma lugha na kuiandika ni mambo mawili, na watu wengi wa koo zilizopasuka wanaelewa lugha ya upande wa pili kuliko wanavyoweza kuitoa. Wewe ukiandika Kiswahili naye akisema Kiarabu polepole, au Kiswahili cha mdomo ambacho angeaibika kukiandika, mnaweza kwenda hivyo miaka. Neno "au sema" lina uzito wake hapo. Kijana wa Maskati ambaye hajui kama *nyumba* inaandikwa kwa *ny* anaweza kukuzungumzia kwa sauti habari ya nyumba hiyo kutwa nzima, maana sauti haina imla.

Usimwulize, kwa hali yoyote, "Unajua Kiswahili?" Linaonekana swali la adabu. Lakini upande wa pili yuko mtu ambaye bibi yake alizaliwa Pangani, ambaye utotoni alitaniwa shuleni kwa sababu nyumbani kwao kunazungumzwa Kiswahili, na ambaye sasa wewe, mtu wa kwao, unamuuliza kama anakijua. Atajibu "kidogo" na atanyamaza wiki mbili. Mwenzake wa swali hilo ni "Samahani sijui Kiarabu", jibu la mkato, ambalo halisemi uongo lakini linamwachia mgeni kazi yote: ajue wewe unajua nini, atafute mkalimani, aanze upya. Ukiomba kuhama, beba mizigo mwenyewe.

Kuna wanaosema suluhisho ni Kiingereza, kwa kuwa kote kinafundishwa. Nimeona mazungumzo hayo. Upande wa Tanga huanza kwa sauti ya darasa zima, *I am fine thank you and you*, na upande wa Maskati hujibu kwa Kiingereza cha ofisi, na baada ya dakika tano ndugu wawili wa damu wanasemezana kama benki na mteja. Kiingereza kiwekwe kando kwa ajili ya vipimo vya shamba na majina ya dawa. Na kama jambo ni msiba, hata hizo hoja zote ziache: toa pole kwa lugha ya aliyefiwa, hata iwe maneno matatu, kisha nyamaza. Hapo ndipo ile dua ya yule bwana wetu ingepata mahali pake.

Njia nyingine ambayo mtu wa Tanga huikimbilia ni kumpelekea ustadhi simu. Usifanye haraka. Ustadhi amesoma Ajurumiya na anajua kwa nini *kayfa* ina fat'ha mwishoni. Ataitazama "kef" ya binamu, atasikitika, atakueleza kwamba mtu huyu hana nahau, na atakutungia jibu la fasaha lenye irabu zote ambalo binamu atalisoma kama hotuba ya Ijumaa. Kiarabu cha kitabu na Kiarabu cha Matrah ni jamaa, lakini hawalali nyumba moja. Na kuna la pili: ustadhi ana baraza. Ukimpelekea habari ya minazi saa kumi, ikifika Magharibi barabara nzima inajua kwamba babu yako aliacha shamba, na kufikia Isha wamejitokeza warithi wawili ambao hata Maskati haiwajui.

Tuseme umefuata yote. Umejibu kwa kipimo, umetumia *-kum*, umevunja sentensi yako vizuri, umevuka kwa *baada ya salamu*. Dakika kumi zinapita. Binamu anajibu:

```
Jambo!! Hakuna matata
```

Hapa uvumilivu wako unapimwa. Wewe ni mtu wa mji uliomlea Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Kiswahili kwako si lugha tu, ni mali isiyohamishika, na mtu amekuandikia maneno ya fulana za watalii. Usimsahihishe. Usimwambie kwamba watu hawaulizani "jambo" bali "hujambo". Yeye hapo amefanya lile ulilolifanya wewe kwa "Arabi dhaif": ametoa kidogo alichonacho, kimevunjika, na kinasema ukweli kuhusu kilipo Kiswahili chake. Mwandikie "Sijambo, ndugu yangu", ukiwa na uso mkavu, na ungoje. Kama una hamu ya kusahihisha watu, wako wengi redioni.

Baada ya hapo, kwa kawaida, hutamsikia tena yeye. Utasikia sauti. Simu imechukuliwa na bibi.

Bibi ana miaka themanini na kitu, ameondoka pwani hii akiwa msichana, na Kiswahili chake hakijaguswa na Bongo Fleva, wala na redio, wala na mitihani ya taifa. Anakusalimu kwa kukuuliza wewe ni mtoto wa nani, tena wa nani, mpaka mnafika kwa mtu aliyekufa kabla ya Vita ya Kwanza. Kisha anakuja kwenye minazi. Mkwezi ni nani siku hizi? Anaangusha kila baada ya miezi mitatu, au anaiba vitale? Mbata zinauzwa kwa frasila gani? Na ile minazi ya upande wa bondeni, iliyokuwa ikitoa vidaka na kuvipukutisha, imepona?

Wewe nazi unanunua sokoni, imeshafuliwa, kwa bei ya mwuzaji. Frasila huijui ni kilo ngapi. Vitale umesikia zamani, huna hakika ni kabla ya dafu au baada ya koroma. Unairudia sauti mara ya pili, mara ya tatu, umeiweka simu sikioni kana kwamba neno litakuwa jepesi likija kwa karibu. Unaandika, kwa uangalifu mkubwa, "Bibi, shikamoo, sijakufahamu vizuri hapo kwenye mbata."

Bibi si mtu wa kumwacha mgeni na mzigo. Sauti ya pili inaingia mara moja, ya upole, bila haraka: "Marahaba, mwanangu. Kama Kiswahili kinakupa taabu, nikwambie kwa Kiarabu?"

Mjibu "Kiswahili, bibi, ila taratibu", halafu panda boda uende ukamtafute mkwezi.